Kufuli la Ndani au la Nje?

"Unafungia ndani au nje?"

Kijana wa duka la vifaa karibu na Soko la Mbuyuni aliniuliza huku akiendelea kupanga misumari. Kwa muuza makufuli ni swali la kila siku. Alitaka tu kujua anipe komeo la aina gani.

Sikuwa na jibu.

Nilimwambia nitarudi, nikavuka barabara, nikapanda gari la Kibosho mikono mitupu. Usiku wa kuamkia siku hiyo Mama alikuwa ametoka. Jirani aliyedamka kukata majani ya ng'ombe alimkuta kwenye ukingo wa mfongo, ule mfereji wa maji ya shambani, peku, kiroba kichwani, akielekea Uru alikozaliwa. Jirani akamwamkia, akampokea kiroba, akasema, "Mama, tupite huku, kule kuna tope." Wakazunguka na kichochoro cha masale mpaka mlangoni kwetu, wanaongea habari za mvua. Hakumbishia hata neno moja. Wengine wangemvuta mkono.

Kaka alipopata habari akapiga simu kutoka Dar: "Nunua kufuli. Leo hii."

Swali la yule kijana limenikaa kichwani majuma mengi. Wanaofuata blogu hii wanamjua Mama, kwa hiyo sirudii habari ya vipimo. Demensia anayo, hospitali ilishasema, na dawa ya kuiondoa hakuna. Leo nataka kuongelea usiku tu.

## Mlango unaofungwa kwa nje

Njia nzima ya kupanda Kibosho nilikuwa nalifunga lile kufuli kichwani. Nimemlaza Mama saa tatu. Nimetoka chumbani, nimebana kufuli, ufunguo mfukoni. Halafu?

Madirisha ya nyumba yetu yana nondo, kama madirisha ya nyumba zote huku. Umeme ukileta hitilafu, au mshumaa ukishika pazia, aliyefungiwa kwa nje hana pa kupitia. Anaishi kwa muda ambao mimi nitautumia kuamka, kuutafuta ufunguo gizani na kuulenga kwenye tundu huku mikono inatetemeka.

Hilo la moto kila mtu analielewa. Lililonisumbua zaidi ni dogo kuliko hilo, na hutokea kila usiku. Mtu mwenye akili zake akikuta mlango umefungwa hurudi kitandani kungoja asubuhi. Mama hawezi kungoja asubuhi kwa sababu hajui kama ni usiku. Msimu mmoja wa mvua mlango wa sebuleni ulivimba ukakwama akiwa ndani. Ulikuwa mchana kweupe, na sisi tupo nje tunamwambia asubiri tuusukume. Tulipoufungua alikuwa ameupiga mpaka vidole vinatoka damu. Kwake yeye mlango haukuwa umekwama. Kuna mtu alikuwa amemfungia.

Nikamweleza Kaka hayo yote kwa simu. Alinisikiliza vizuri, halafu akasema, "Sawa. Na siku tukimtoa kwenye mfongo utasema nini?"

Na hapo pia sikuwa na jibu.

## Daftari

Aliyenitoa hapo ni muuguzi mstaafu wa jumuiya yetu, mama mkali asiyependa hadithi ndefu. Nilianza kumsimulia jinsi Mama anavyohangaika usiku akanikata. "Usinihadithie usiku mzima. Niandikie. Aliamka saa ngapi, alikwenda wapi, alitafuta nini. Halafu niandikie na mchana wake: alilala saa ngapi, alikunywa nini, alimeza nini."

Nikaanza daftari pamoja na binti anayetusaidia. Yeye anatoka Singida na ndiye anayelala chumba kimoja na Mama. Nauchukua usiku mmoja niunyooshe, maana karibu zote zilifanana.

Mchana ule Mama alisinzia kwenye kochi tangu saa saba hadi karibu saa kumi. Jioni alikunywa vikombe viwili vya chai ya rangi, na saa moja na nusu akala mtori, bakuli zima. Saa mbili akameza vidonge vyake vya usiku, kimojawapo kile cha kupunguza maji mwilini, kwa sababu miguu yake huvimba. Saa tatu kalala. Saa nne na nusu kaamka, kasimama mlangoni mwa chumba akipapasa ukuta, akaambiwa arudi kulala, akarudi. Saa sita vivyo hivyo. Saa nane akaamka tena, na mara hii akafunga vitu kwenye kitenge akasema wanamsubiri Uru.

Muuguzi alisoma ukurasa huo mara moja tu. "Huyu anatafuta choo," akasema.

Nilibisha. Mama hajataja choo! Ametaja Uru, ametaja ng'ombe ambao hawajakamuliwa, ametaja mama yake. Akaniambia niangalie mpangilio. Mara mbili za kwanza hakutaja kitu chochote, alisimama tu akipapasa ukuta. Kilichomwamsha ni mkojo. Lakini kutoka kitandani mpaka mlangoni, gizani, ameshasahau alichoamkia, na kinachobaki ni ule msukumo kwamba kuna mahali anatakiwa kwenda. Akili inautafutia msukumo huo sababu, na sababu iliyo karibu kwa mama wa miaka 83 ambaye akili yake imerudi usichanani ni nyumbani kwao.

Safari ya Uru ilikuwa inaanzia kwenye kibofu.

Tena huenda alikuwa anasema. Binti alikumbuka kwamba usiku Mama huongea Kichagga kitupu. Mchana Kiswahili anacho, lakini akichoka kinamtoka, kinabaki kile alichonyonya nacho. Binti wa Singida angeelewaje? Siku iliyofuata nilikaa naye nikamfundisha maneno ya haja, ya maumivu, ya baridi na ya kiu, jinsi wanavyoyatamka Kibosho. Katika yote tuliyofanya, hilo halikutugharimu hata senti.

## Kidonge cha saa mbili

Dawa za kupunguza maji za aina anayotumia Mama, furosemidi, huanza kukojoza ndani ya saa moja na huendelea kwa kama saa sita hivi. Kimeze saa mbili usiku, kitakuamsha mpaka saa nane. Ukirudi kwenye daftari utaona saa zenyewe zinaongea. Cheti kiliandikwa kutwa mara mbili, na nyumbani kwetu kutwa mara mbili ni asubuhi na usiku, kama dawa zote.

Sikuihamisha mwenyewe. Nilishuka na daftari kliniki, daktari akaangalia, akasema dozi ya pili iwe saa nane mchana. Nalisisitiza hili kwa sababu najua kuna atakayesoma hapa kisha akaamka kupunguza dawa za baba yake. Dawa ya moyo au ya presha haipunguzwi kwa blogu.

Kuna jambo la miguu ambalo sikulijua. Maji yanayojaa miguuni mchana kutwa, mgonjwa akilala yanarudi kwenye damu, figo zinayachuja, kibofu kinajaa. Kwa hiyo hata bila kidonge, mwenye miguu iliyovimba ataamka usiku. Dawa yake ni kuinua miguu mapema. Siku hizi Mama anakaa barazani kuanzia saa tisa, miguu juu ya stuli yenye mto, kwa saa nzima au zaidi, na mkojo mwingi unatoka kabla ya giza. Mtori umehamia mchana. Jioni anakula ndizi kavu na maharage. Maji hatumpunguzii kabisa, maana mzee akikaukiwa anachanganyikiwa zaidi na choo kinakuwa kigumu, ila mengi tunayamaliza kabla ya saa kumi na mbili.

Halafu kiti. Choo chetu kiko mwisho wa korido na kingine kiko nje. Fundi alikata tundu kwenye kiti cha mbao chenye mikono, chini tukaweka ndoo yenye mfuniko. Tukakiweka upande ule ule anaoshukia kitandani, ili macho yake yakifunguka yakutane nacho. Juu yake kuna taa ndogo ya sola inayowaka usiku kucha, kwa sababu umeme huku hauna ratiba. Godoro la pili tuliliondoa pia, nyayo zake zikagusa sakafu akiwa amekaa. Mzee akilazimika kuruka kutoka kitandani, kitakachofuata ni nyonga.

Matokeo? Anaamka bado, lakini mara nyingi ni mara moja, anakaa kwenye kiti, anarudi.

Mara nyingi. Si kila siku.

## Jua la asubuhi

Sehemu ya ubongo inayoendesha saa ya mwili ni ndogo sana, na demensia huila nayo. Saa hiyo huwekwa sawa na mwanga unaoingia machoni. Sasa fikiria bibi mwenye mtoto wa jicho, anayeshinda sebuleni kwenye nyumba ya mapazia mazito, katikati ya migomba, msimu wa ukungu. Mwili wake utajuaje kwamba kumekucha?

Sasa asubuhi akishakunywa uji anatolewa nje, sweta mwilini, akae penye mwanga mpaka jua lipande. Mwezi wa saba, ukungu ukishuka mpaka barabarani, tunamtoa hivyo hivyo, maana hata mwanga wa mawingu ni mkali kuliko taa ya ndani. Na mchana hatumkatazi kusinzia, tunamkatiza tu. Nusu saa inatosha. Baada ya hapo anapewa kazi: kuchambua maharage, kukunja kanga, kupukuchua mahindi. Kanga zilizokunjwa tunazikunjua pembeni tunamrudishia. Kaka alipoona hilo lilimuudhi, akasema tunamchezea. Sikubaliani naye. Mama alifanya kazi tangu akiwa mtoto, na mikono ikikaa bure ndipo anapoanza kuuliza gari la Uru linaondoka saa ngapi.

## Mwanamke wa dirishani

Huku kwetu giza haliji polepole. Saa kumi na mbili na nusu bado unaona njia, saa moja huoni kitu. Katika nusu saa hiyo Mama hubadilika: anasimama, anakaa, anashika kitasa, anamfuata mtu kila aendako. Zaidi ya hapo, alianza kugombana na mwanamke aliyesimama nje ya dirisha la sebule. Bibi mzee, alisema, anamwangalia tu na hasemi shida yake.

Majirani wawili walishaanza kunong'ona. Nyumba yenye bibi kikongwe anayeongea na watu wasioonekana, mnajua maneno yanaelekea wapi.

Nilikaa kwenye kiti chake saa moja jioni, nikatazama dirishani. Nje giza, ndani taa inawaka, kioo kimegeuka kioo cha kujitazamia. Yule mwanamke alikuwa yeye mwenyewe. Kichwani mwake Mama ana miaka thelathini, kwa hiyo bibi mwenye mvi akimtazama ni lazima awe mgeni. Sasa mapazia yanafungwa na taa zinawashwa kabla jua halijazama, na kioo cha kabatini tumekifunika kitambaa. Mwanamke yule hajarudi.

Najua si kila anachokiona mgonjwa wa demensia kina maelezo rahisi hivyo. Wengine huona watoto au wanyama chumbani hata taa zikiwa vizuri, na hilo ni la kumpelekea daktari, kwa sababu aina fulani ya demensia huja na maono hayo, na wagonjwa wake huweza kudhurika vibaya na baadhi ya dawa za kutuliza akili. Lakini kabla ya kufika huko, kaa kwenye kiti chake saa ile ile, uone anachokiona.

Kwa njia hiyo hiyo nililijua jambo la sakafu. Ile saruji nyekundu tunayoisugua kwa nta mpaka ing'ae, usiku chini ya taa inaonekana kama imemwagiwa maji. Na kile kizulia cheusi cha mlangoni mwa choo, kwake kilikuwa shimo. Ndiyo maana alikuwa anafika pale anasimama, anakataa, anageuka. Nta tumeacha, kizulia tumetoa.

## Wiki ile

Mambo yalipoanza kutulia, yakaharibika ghafla.

Ndani ya siku mbili Mama hakuwa Mama. Usiku kucha macho, anadaka vitu hewani, anavuta shuka. Mchana anasinzia hata kijiko kikiwa mdomoni, kisha jioni anaamka na hasira. Homa hakuna. Kaka alisema ugonjwa umeingia hatua nyingine. Hata mimi nilielekea kuamini hivyo.

Muuguzi wetu hakuamini. Demensia hushuka kama mtu anayeteremka mlima taratibu, alisema, haianguki ndani ya siku mbili. Mabadiliko ya ghafla, yanayopanda na kushuka ndani ya siku moja, huku mgonjwa hawezi kukusikiliza hata sentensi moja mpaka mwisho, hayo ni mkanganyiko wa kuja, na una chanzo chake. Akaanza kuuliza. Mkojo ukoje? Choo kikubwa lini mara ya mwisho? Anakohoa? Amepimwa malaria? Ameanguka? Amepewa dawa gani mpya?

Mawili yakapatikana. Alikuwa na maambukizi ya njia ya mkojo, na wazee wengi hupata maambukizi bila homa. Na alikuwa na mafua, kwa hiyo alinunuliwa vidonge vya mafua kwenye duka la dawa. Vidonge vingi vya namna hiyo vina dawa ya jamii ya piritoni. Dawa za kundi hilo hukausha mate, huzuia mkojo na choo, na kwa ubongo ambao tayari umedhoofika huongeza kuchanganyikiwa. Promethazini imo kwenye kundi hilo, na amitriptilini, ambayo watu hupewa ili walale, ina madhara hayo hayo. Valiamu ni kundi jingine, ila kwa mzee wa namna hii huleta kuchanganyikiwa na kuanguka vile vile.

Alitibiwa mkojo, vidonge vya mafua vikaachwa. Ilichukua zaidi ya wiki akili yake kurudi pale ilipokuwa, na daktari alitutahadharisha kwamba wengine hawarudi pote.

Ingekuwa tumemfungia kwa kufuli wiki ile, tungesema limefanya kazi. Hakutoka.

## Jiko na mfongo

Nipite haraka hapa. Mafuta ya taa yaliyokuwa kwenye chupa ya soda yameondoka, mrututu wa kahawa umehamia kwa jirani, panga ziko juu darini. Mtungi wa gesi unafungwa kwenye koki yake kila usiku, na kichwa chake kinavuliwa.

Jiko la mkaa ndilo linahitaji maneno. Huku juu mwezi wa sita na wa saba kuna baridi, na bibi zetu wamezoea kuingiza jiko chumbani. Moshi wa mkaa uliokolea huuoni, na sumu yake haina harufu. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, usingizi na kuchanganyikiwa. Kwa mtu mwingine ungeshtuka. Kwa mgonjwa wa demensia utasema ndivyo alivyo. Kwa hiyo kwetu jiko haliingii chumbani, hata la kuota dakika chache. Anavaa sweta, kofia ya sufu na soksi zenye mpira chini, na blanketi la pili liko miguuni.

Mfongo nao unapita chini ya kihamba kama ulivyopita enzi za babu, na hakuna wa kuuhamisha. Mdogo wangu alijenga uzio wa mianzi pale ambapo njia inaugusa, akapanda masale mbele yake. Mama akifika hapo hugeuka na kufuata masale, kwa sababu maisha yake yote masale yamekuwa mpaka, na masale yale yanamrudisha uani.

## Komeo

Jibu tulilofikia mimi na Kaka halikumfurahisha yeyote kati yetu kabisa.

Mlango wa mbele una komeo la kusukuma, upande wa ndani, juu kabisa karibu na fremu, limepakwa rangi ya mlango. Wa uani una komeo chini, usawa wa kifundo cha mguu. Hakuna ufunguo. Yeyote mwenye akili timamu anafungua kwa sekunde moja, hata kukiwa na moshi. Mama anatafuta pale ambapo mikono yake imezoea, penye kitasa, na hainui macho. Kuna pazia zito mbele ya mlango wa mbele, na kengele ya mbuzi imefungwa kwenye kitasa. Akikitikisa, binti anasikia. Anaamka, hamwambii "ni usiku, rudi". Anamwuliza Uru anakwenda kwa nani, wanakaa, wanaongea, anamwonyesha kiti. Kwa kawaida Mama hukojoa na kusahau safari.

Kaka anasema kengele si kinga. Ni kweli. Kengele inategemea mtu mwenye usingizi mwepesi, na binti naye ni mtu, kwa hiyo usiku mbili kwa wiki analala chumba kingine na mimi nalala kwa Mama. Na kuna siku Mama ataliona komeo la juu na kuvuta kiti. Siku hiyo litakuwa hatari kuliko mlango wenyewe, na itabidi tufikiri upya.

Kwa hiyo tumejiandaa pia kwa usiku ambao atatoka. Namba zetu zimeshonwa ndani ya sweta lake na kwenye upindo wa kitenge. Picha yake iko kwenye simu ya balozi na ya vijana wa bodaboda wa kijiwe cha chini. Nilipokwenda kwa balozi nilijiandaa kueleza sana, lakini alinikatisha akanitajia nyumba nyingine kwenye kitongoji hicho hicho zenye shida hiyo hiyo. Sikushangaa sana. Utafiti uliofanywa kwenye vijiji vya Hai, wilaya ya jirani, na kuchapishwa mwaka 2013, ulikuta watu kama 6 katika kila 100 wenye miaka 70 na kuendelea wana demensia. Kila nyumba aliyoitaja balozi ilikuwa imemficha bibi yake.

Tulikubaliana na balozi jambo moja la kutafuta. Akipotea, tusikimbilie barabarani kuita jina lake, kwa sababu wagonjwa hawa mara nyingi hawaitiki. Tuanze na migomba, mfongo, banda la ng'ombe na nyuma ya choo cha nje, kwa tochi, kichaka kwa kichaka. Wengi hukutwa karibu na nyumbani, wamekwama mahali wasipojua kutoka.

## Desemba

Sasa inakuja Krismasi, na wote wanapanda.

Nawaza hivi: nyumba itakuwa na watu zaidi ya ishirini. Wageni watatoka usiku kwenda choo cha nje na kuacha komeo wazi. Watoto watalala sebuleni, kochi litahamishwa, taa za rangi zitawaka na kuzimika mpaka usiku wa manane. Mtu atampa Mama mbege kwa mapenzi, juu ya vidonge vya presha. Na kila atakayeingia atamwinamia na kumwuliza, "Bibi, unanikumbuka?"

Swali hilo nimelipiga marufuku. Nimeandika kwenye grupu la ukoo: anayeingia aseme, "Shikamoo Bibi, mimi ni fulani wa fulani," basi, akae ampe mkono. Wageni waje mchana, kabla ya saa kumi. Chumba cha Mama hakigusiki, kitanda kinabaki kilipo na kiti kinabaki kilipo, hata kama shangazi atalala chini. Kuanzia saa kumi na moja jioni muziki uhamie uani kwa mdogo wangu. Na kwa kuwa binti anakwenda kwao Singida kula sikukuu, nimeorodhesha zamu za kulala na Mama, usiku kwa usiku, kuanzia tarehe 20 mpaka mwaka mpya.

Wifi amechukua mbili. Kaka, nampongeza, amechukua tatu na ameomba afundishwe yale maneno ya Kichagga aliyoyasahau. Vijana wamejibu kwa vidole gumba bila kutaja tarehe.

Usiku wa tarehe 24 bado hauna jina.